Ujana Una Eksesi Yake

Serikali inamwamini kijana wangu wa miaka 22 apige kura, aoe, na akope pesa kwa simu saa nane usiku. Kampuni ya bima haimwamini arudishe gari nyuma.

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Magunga na nimezoea kudharauliwa. Barabara zimetudharau miaka mingi, na samaki wetu wazuri wanapita mbele ya milango yetu wakienda kuliwa Nairobi. Lakini sikutarajia dharau yenye risiti. Kijana amejichanga akanunua Mazda Demio ya rangi ya fedha, kioo cha pembeni cha kushoto kimeshikwa kwa gundi ya karatasi, na kabla hata hajaifikisha Sindo mtu ambaye hajawahi kumwona ameshampigia hesabu ya siku atakayoigonga.

Nilipiga simu ya kwanza nikiwa nimekasirika tayari, maana ndivyo simu za bima zinavyopaswa kupigwa. Ajenti alikuwa na sauti ya upole, ya yule mtu anayekuambia pole kabla ya msiba. Aliniuliza thamani ya gari, nikasema mthamini ameandika 600,000. Akaniuliza umri wa dereva. Nikasema 22. Akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu ikiandika.

"Leseni ameipata lini, Mzee?"

"Mwaka jana."

Kalamu ikaandika tena, na safari hii ilichukua muda.

Sasa, kwa haki ya Mungu, wana sababu. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Dereva mpya hana ubaya wa moyo, ana ubaya wa macho. Anatazama boneti. Mwenye uzoefu anatazama mbali, anamwona punda aliyebeba mitungi ya maji kabla punda hajaamua kuvuka, na anajua kwamba nyuma ya mpira unaotoka uani atakuja mtoto. Ujuzi huo haufundishwi kwa ubao wenye magari ya kuchezea. Unakuja polepole, na kampuni haitaki kuwa ndiyo inayolipa wakati unakuja. Ongeza usiku, ongeza marafiki watatu kiti cha nyuma wakimwambia "omera, kanyaga", na hata mimi ningeandika kwa kalamu ile ile.

Tena si bampa ya Demio inayowatia hofu. Sheria ya bima ya magari hapa Kenya, ile Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya kumlipa mtu wa nje atakayeumia au kufa, na mzigo wa kampuni kwa mtu mmoja unaweza kufika shilingi 3,000,000. Sasa fikiria bodaboda ya kwetu, ile inayobeba mama, mtoto, gunia la omena na kuku. Kijana akiigonga hiyo, thamani ya Demio haina maana yoyote. Ndiyo maana bima ndogo, ambayo sote tunaiita thadi pati, haijali kama gari ni jipya au limeshikwa kwa gundi. Inalipia mguu wa mtu, na mguu wa mtu bei yake ni ile ile.

Hayo nimeyaelewa. Kilichonishinda ni kuipata hiyo bei ya ujana mahali ilipofichwa.

Nina mpwa aliyeko Leicester, Uingereza. Kule kijana akinunua gari lake la kwanza, kompyuta inampigia hesabu yeye mwenyewe: umri, kazi, mtaa anaolala, saa anazoendesha. Anaweza kuambiwa bima ya mwaka inazidi bei ya gari, na akitaka nafuu anawekewa kijisanduku cha kumpeleleza anavyopiga breki. Ni ukatili, lakini unauona kwa macho. Hapa kwetu ajenti alinitumia karatasi safi, na nilipotafuta neno "kijana" kwenye hesabu ya malipo, halikuwepo. Bima kubwa ilikuwa asilimia 6 ya thamani ya gari, ambayo kwa 600,000 ni 36,000. Nikafurahi. Halafu nikaona jumla ya chini: 46,247.

Nikavaa miwani.

Chini ya asilimia 6 kulikuwa na mstari mdogo: kima cha chini 37,500. Maana yake, hata hesabu ikitoa 36,000, unalipa 37,500. Kisha 3,000 ya kinga ya eksesi, 2,500 ya fujo za kisiasa na ugaidi, 3,000 ya kupewa gari jingine wakati lako liko gereji. Hiyo ni 46,000. Juu yake tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na ya mfuko wa fidia wa wenye bima ya asilimia 0.25, jumla shilingi 207, na stempu ya serikali shilingi 40. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki chombo chenye magurudumu manne, alisimama begani pangu akasema hapo ndani kuna ule ushuru wa magari wa asilimia 2.5. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024 na uliondolewa Juni ya mwaka huo, kabla hata mswada wenyewe haujaanguka. Hakuamini. Mpaka leo anasema ninalipa bila kujua.

Angalia hicho kima cha chini vizuri, maana hapo ndipo kijana anapokamatwa mara ya kwanza. Gawanya 37,500 kwa asilimia 6 upate 625,000. Gari lolote lenye thamani iliyo chini ya hapo linalipa sawa na la 625,000. Na nani ananunua magari ya chini ya 625,000? Si mheshimiwa mbunge. Mheshimiwa mwenye gari la milioni sita anatozwa asilimia 3 au karibu na hapo, kwa sababu kadiri gari linavyopanda bei ndivyo asilimia inavyoshuka. Kijana anapanda ngazi kwa upande wa mwinuko. Hakuna mtu aliyeandika "mtoze kijana zaidi", ila sakafu imewekwa pale ambapo kijana tu ndiye anayeigusa kwa kichwa.

Mahali pa pili ni pabaya zaidi, kwa sababu pako kwenye ile hati ndefu ambayo hutumwa baada ya kulipa. Nilimwambia ajenti anitumie kabla. Alishangaa, kana kwamba nimeomba kuona jikoni ya hoteli. Humo ndani nikakutana na eksesi, ile sehemu ya gharama ya kutengeneza gari unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa shilingi yake. Ya kawaida ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua 20,000. Kwa Demio asilimia hiyo ni 15,000, kwa hiyo sakafu tena: 20,000. Kisha, aya moja chini yake, dereva aliye chini ya miaka 25, au mwenye leseni ya chini ya miaka 2, anaongeza 10,000 juu.

Hapo ndipo ujana ulipokuwa umelala. Na soma hiyo "au" vizuri kama mwalimu wa lugha. Si miaka na leseni, ni miaka au leseni. Ni milango miwili na lazima utoke yote miwili. Mstaafu wa miaka 60 aliyepata leseni juzi naye ni kijana, na kusema kweli nikimtazama mwenyekiti wetu wa kanisa akiendesha, naona kampuni iko sahihi.

Basi nikaanza vita, na vita vya bima vinapiganwa kwa kuuliza kampuni nyingine. Nilimtafuta ajenti mwingine Homa Bay, mama mmoja mwenye kuuza bima za kampuni kadhaa, nikamwambia, "Madam, usinipe bei. Nipe namba nne kwa maandishi: asilimia, kima cha chini, eksesi ya kawaida, eksesi ya kijana." Akacheka akasema, "Japuonj, watu huniuliza kitu kimoja tu, stika itakuja lini."

Akaniletea mbili. Ya kwanza yake ilitoza asilimia 5, kima cha chini 30,000, eksesi asilimia 2.5 isiyopungua 15,000, na ya kijana 7,500. Ya pili ilitoza asilimia 4.5, kima cha chini 27,500, lakini eksesi ilikuwa asilimia 5 isiyopungua 30,000, na ya kijana 15,000, na kinga ya eksesi hawauzi kwa dereva wa umri huo.

Mke wangu, ambaye ana haraka ya asili, alisema tuchukue ya 27,500 twende nyumbani. Nikamwambia ngoja tumgongeshe mtoto kwanza.

Tukamgongesha kwa karatasi. Tuseme anarudisha gari nyuma pale ufukweni Nyandiwa, siku ya samaki wengi, anabamiza nguzo. Bampa, taa ya nyuma, mlango wa buti, na fundi anasema 48,000. Kwa kampuni ya bei rahisi, toa 30,000, toa 15,000 ya ujana, wanalipa 3,000. Elfu tatu! Kwa ajili ya kuokoa 2,500 ya malipo ya msingi. Kwa ile ya asilimia 5, ukiwa umenunua kinga ya eksesi kwa 3,000, ile 15,000 ya kawaida inafutwa. Inabaki 7,500 ya ujana, ambayo kinga haiigusi, na nilihakikisha neno hilo kwenye hati. Wanalipa 40,500. Mke wangu akatazama karatasi, akanitazama, akasema kwa kuwa nimemgongesha mtoto wake niende nikanunue sukari.

Hiyo kinga ya eksesi kwa dereva mkongwe huenda ni anasa. Kwa dereva mpya, ambaye ajali zake za mwanzo nyingi ni za nguzo, lango la boma na tanki la maji, ndicho kitu pekee cha ziada nilichoona kina thamani. Lile gari la kukopeshwa nililifuta mara moja. Liko Nairobi. Kwamba Demio ikiwa gereji Homa Bay, kijana asafiri Nairobi kuchukua gari la siku 10 kisha alirudishe? Hata kichekesho kina mipaka. Ile ya fujo za kisiasa niliibakiza, kwa sababu bima kubwa ya kawaida huacha nje uharibifu wa maandamano, na mimi nimeishi katika kaunti hii kupitia chaguzi za kutosha.

Hesabu mpya: 30,000 na 3,000 na 2,500 ni 35,500. Tozo mbili ni 159.75, stempu 40. Jumla 35,699.75. Kutoka 46,247 nimeshusha zaidi ya 10,500 bila kusema uongo hata mmoja, na hilo la uongo nalirudia kwa sababu ushauri niliopewa Magunga katika kipindi hicho ungejaza mahakama.

Mshauri wa kwanza alikuwa fundi wetu wa magari. "Japuonj, mwambie mthamini aandike 400,000. Bei itashuka." Nikamwonyesha sakafu. Asilimia 5 ya 400,000 ni 20,000, lakini kima cha chini ni 30,000, kwa hiyo ningelipa pesa ile ile. Na siku ya ajali kampuni itapima gari, itaona thamani yake ni 600,000, itasema umekatia bima theluthi mbili tu. Uharibifu wa 60,000 unahesabiwa 40,000, kisha eksesi inatoka hapo. Yaani unatoa sadaka ya 20,000 kwa kampuni ya bima, ambayo haikuomba. Kinyume chake nacho ni hasara. Ukiandika 900,000 kwa ajili ya sifa, unalipia 900,000 na gari likiungua unalipwa bei ya soko.

Mthamini mwenyewe nilimpenda. Kijana mmoja mkimya, aliyetumwa kwa barua ya kampuni ya bima. Alizunguka gari, akabisha mlango wa nyuma wa kulia kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio, akabisha tena, akaandika: umepigwa rangi. Muuzaji alikuwa ametuapia kwa jina la mama yake kwamba gari halijawahi kuguswa. Barua hiyo ya thamani utaomba ipitiwe upya kila mwaka, kwa kuwa gari linashuka thamani na kampuni hazina haraka ya kukukumbusha. Kwetu sisi haitasaidia mwaka ujao, tuko sakafuni. Lakini mwenye gari la milioni moja na nusu akiacha thamani ya miaka mitatu iliyopita kwenye hati, analipia gari ambalo halipo tena.

Mshauri wa pili alikuwa ndugu yangu wa damu, mwenye suti. "Andika gari kwa jina lako. Wewe una nywele nyeupe." Ushauri huu umeenea kote, na Uingereza mpwa wangu anasema watu wamepelekwa mahakamani kwa ajili yake. Hapa una ujinga wa aina mbili. Kwanza, hauondoi chochote, kwa sababu bima yetu inafuata gari, lakini eksesi ya kijana inamfuata aliyeshika usukani. Gari liwe langu, la askofu au la kaunti, akiwa yeye ndiye aliyegonga nguzo ile 7,500 inakatwa vilevile. Pili, fomu inauliza ni nani ataendesha mara nyingi na gari ni la nani kwenye logibuku. Ukidanganya hapo, kampuni inaweza kukataa kutengeneza gari. Na ikilazimika kumlipa mtu wa nje aliyeumia, inaweza kukurudia wewe mwenye nywele nyeupe idai pesa zake.

Kuna kitu cha tatu ndugu yangu hakukifikiria. Historia ya kutodai inajengwa kwa jina lililo kwenye hati. Mama wa Homa Bay alinieleza kwamba kampuni ile inatoa punguzo la asilimia 10 baada ya mwaka usio na dai, na linaongezeka kadiri miaka safi inavyoongezeka. Nikaruka. Kisha nikauliza kama punguzo linaweza kupita chini ya kima cha chini. Akasema hapana. Nikakaa tena. Kwa Demio, basi, punguzo hilo ni la kutazama tu. Lakini siku kijana atakapouza Demio akanunua gari la 1,200,000, asilimia 5 ni 60,000, na akiwa na punguzo la asilimia 20 kwa jina lake mwenyewe anaokoa 12,000 kila mwaka. Akihama kampuni aombe barua ya kuthibitisha miaka aliyokaa bila dai. Kama ningeweka jina langu, punguzo lingekuwa langu, na mimi gari langu la mwisho nadhani litakuwa la halmashauri ya kanisa, ninapelekwa nimelala.

Kwa sababu hiyo nimemkataza kukimbilia kampuni kwa kila mkwaruzo. Kioo cha 6,000 hakifiki hata eksesi, tengeneza mwenyewe. Ila akigusa binadamu, hata kama binadamu huyo anainuka akisema yuko sawa na anataka soda tu, aende polisi aandikishe na aarifu kampuni siku hiyo hiyo. Watu wa soda hukumbuka mgongo baada ya miezi.

Mshauri wa tatu ndiye kijana mwenyewe. Alikuwa na mpango wa biashara. Atanunua mbuta Nyandiwa auze mjini, na akirudi gari likiwa tupu apakie abiria, "watu wanne tu, Baba, si matatu". Nikamwuliza bima itaandikwaje. Akasema ya kibinafsi, ni rahisi. Hapo ndipo nilipotumia sauti ya darasani. Bima ya gari la kibinafsi inamruhusu aende kanisani, sokoni na kwa mchumba. Kubeba bidhaa zake za biashara ni daraja jingine la bima, na kubeba abiria kwa nauli ni daraja jingine kabisa, ghali zaidi, pamoja na leseni ya kubeba abiria. Ukimpa mama mjamzito lifti hadi hospitali, hakuna tatizo. Mama huyo akikupa 200, wewe ni matatu isiyo na bima. Na hapa kwetu ajali ikitokea, abiria wote watasema ukweli kuhusu nauli, kwa sababu nusu yao hawakupewa chenji.

Tulikubaliana akaribie biashara ya samaki baada ya kupata bei ya bima ya mizigo yake mwenyewe, kwa maandishi. Amenuna lakini ameuliza bei.

Yalibaki mawili. La kwanza, jinsi ya kulipa. Hapa Kenya hakuna bima ya mkopo, kampuni haibebi hatari kabla pesa haijaingia, na wanaokuambia ulipe kidogo kidogo kwa kawaida wameleta benki katikati, na benki haiji bila riba. Niliona ni nafuu kijana aongeze mwezi mmoja wa kupanda bodaboda, alipe yote kwa mpigo. La pili, kifaa cha kufuatilia gari likiibwa. Kwenye hati yetu, gari likiibwa bila kifaa hicho eksesi ni asilimia 20 ya thamani, likiwa nacho ni asilimia 10. Kwa Demio ni 120,000 au 60,000. Hakishushi malipo ya mwaka hata senti, na kina ada yake. Tumekiacha kwanza, maana analala na gari ndani ya boma langu, na mbwa wangu hajawahi kusoma hati ya bima lakini anajua kazi.

Kuna msomaji atauliza kwa nini nisichukue thadi pati tu. Nimeuliza. Nilipewa 7,500, na tozo na stempu ikawa 7,573.75. Kwa mwezi mmoja mmoja ni 1,000, yaani 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo anayenunua stika za mwezi kwa sababu hana pesa analipa zaidi kuliko mwenye nazo. Tofauti na bima kubwa ni 28,126. Kama gari lingekuwa la 200,000, ningechukua thadi pati bila kuomba ushauri, na kampuni nyingi hazikubali bima kubwa kwa gari lililozeeka kupita kiasi hata ukilia. Lakini Demio ni akiba yote ya kijana, na akiipindua kwenye kona za milima ya Gwassi, thadi pati itamlipa mwenye shamba alikoangukia, yeye abaki na funguo. Miaka hii miwili ya macho mafupi alipe bima kubwa. Baadaye ataamua mwenyewe.

Na msiniletee kampuni ya bei ya maajabu. Wazee wenzangu wanaikumbuka United iliyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Mfuko wa fidia upo, ndiyo ile tozo ya asilimia 0.25, lakini unalipa dai moja lisizidi 250,000, na hiyo ni mbali sana na 3,000,000 za mguu wa mtu. Angalieni kampuni kwenye orodha ya IRA ya walioidhinishwa mwaka huo, na cheti kikija kikaguliwe kwenye mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima, kwa namba ya gari. Chetu kilikuja kwenye simu. Kijana alikikagua kabla sijamwambia, na hilo, kwa kweli, ndilo jambo la kwanza katika safari hii lililonifanya nifikiri huenda ana akili.

Sasa nyumba imepata tatizo jipya. Binti yangu wa mwisho, aliyetimiza miaka 18, alikuwa amekaa pembeni muda wote akisikiliza ile habari ya "au". Jana ameniletea karatasi. Ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba akipata leseni mwaka huu, akifika miaka 25 atakuwa na leseni ya miaka 7, na tangu hapo hatalipa eksesi ya kijana hata mara moja, na kwa hiyo ada ya shule ya udereva si matumizi, ni akiba ya familia. Chini ameweka jumla na mahali pa mimi kutia sahihi. Nimetafuta kosa kwenye hesabu hiyo tangu asubuhi, na chai imeshapoa.